ALT 610, macho ya njano na HBsAg chanya: kisa cha mama mmoja wa Tanga

Mgonjwa ni mama wa miaka 44, mchuuzi wa samaki Tanga mjini. Baadhi ya mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Tarakimu za vipimo nimeziacha zilivyo, kwa sababu kisa chenyewe kimo ndani ya tarakimu hizo.

Alifikishwa hospitali saa nne asubuhi, amejikunja, mkono umeng'ang'ania chini ya mbavu za kulia. Usiku wake alikuwa kwenye shughuli ya harusi Makorora. Alikula pilau la mbuzi, na mnamo saa nne usiku maumivu yakamshika ghafla. Akatapika mpaka hakubaki na cha kutapika. Asubuhi macho yalionyesha unjano hafifu, ule unaouona tu ukimgeuza mgonjwa aelekee dirishani. Joto la mwili lilikuwa 37.2. Kipimo cha malaria kilikuwa hasi, cha mimba hasi.

Mambo mawili zaidi yalijitokeza kwenye maelezo. La kwanza, miaka michache nyuma alikwenda kumtolea damu mdogo wake aliyekuwa anajifungua, damu ikakataliwa, akaambiwa ana virusi vya homa ya ini B. Hakuwahi kwenda kliniki yoyote kwa ajili hiyo. La pili, wiki iliyopita alikunywa dawa ya miti kwa ajili ya tumbo kujaa. Dada yake aliyemsindikiza alikuja na chupa yenyewe kwenye mkoba.

Majibu ya damu yalitoka kabla ya adhuhuri. ALT 610, AST 740, ALP 138, bilirubini yote (T-BIL) 48, bilirubini iliyosindikwa (D-BIL) 33, albumini 39. HBsAg, kipimo cha virusi vya homa ya ini B, chanya. Kwa maabara ile, mwisho wa kawaida wa ALT na AST ni 40, wa ALP ni 120, wa T-BIL ni 21 na wa D-BIL ni 5.

Daktari aliyekuwa zamu aliandika kwenye faili: homa ya ini B iliyoamka, pengine imechochewa na mitishamba. Mpango wake ulikuwa apumzike, apewe dawa ya kuzuia kutapika, arudi nyumbani na aonekane tena baada ya wiki mbili. Ukiutazama mpango huo kwa tarakimu peke yake, ni mgumu kuupinga. Ndiyo maana nimeona kisa hiki kinafaa kuandikwa kirefu.

Tuanze na kile ambacho ALT na ALP zinapima, maana hapo ndipo mambo yanapotengana. ALT na AST ni vimeng'enya vinavyoishi ndani ya seli ya ini, vinafanya kazi humo humo. Seli ikijeruhiwa, iwe na virusi, sumu, ukosefu wa hewa au shinikizo, ukuta wake unavuja na vimeng'enya vinaingia kwenye damu ndani ya saa chache. Havihitaji kutengenezwa upya; vilikuwa tayari ndani. ALP ina tabia nyingine. Iko kwenye utando wa seli ya ini upande ule unaotazama vijia vya nyongo, na kiasi chake cha kawaida ni kidogo. Nyongo ikikwama, chumvi zake zinaisukuma seli itengeneze ALP mpya, na hiyo mpya ndiyo inayoingia kwenye damu kwa wingi. ALT ni bidhaa iliyo tayari dukani, mlango ukivunjwa inatoka papo hapo. ALP ni nguo ya kushonesha kwa fundi, lazima usubiri. Kusubiri kwenyewe ni siku moja, mbili, wakati mwingine zaidi.

Kwa hiyo mifano miwili ya vitabuni inaeleweka. Seli za ini zikishambuliwa, ALT na AST zinapanda mara nyingi zaidi ya kawaida huku ALP ikipanda kidogo tu. Njia ya nyongo ikiziba, ALP na GGT, kimeng'enya kingine cha njia ya nyongo, zinapanda sana huku ALT ikipanda kwa kiasi. Kuna hesabu rahisi inayopima ni upande gani umeelemea, nayo huitwa R:

```
R = (ALT ÷ mwisho wa kawaida wa ALT) ÷ (ALP ÷ mwisho wa kawaida wa ALP)
```

R ikiwa 5 au zaidi, jeraha liko kwenye seli za ini. Ikiwa 2 au pungufu, tatizo ni nyongo kukwama. Katikati ya hapo ni mchanganyiko. Kwa mama huyu, 610 kugawa kwa 40 ni 15.25, na 138 kugawa kwa 120 ni 1.15. R yake ni 13. Hesabu inasema seli za ini, tena bila kusitasita.

Lakini hesabu hiyo haiulizi damu imetolewa saa ngapi. Damu ya mama huyu ilitolewa saa 12 tu baada ya maumivu kuanza. Jiwe likishuka kutoka kwenye kibofu cha nyongo na kukwama ghafla kwenye mrija mkuu, shinikizo ndani ya mrija linapanda mara moja na kurudi nyuma mpaka kwenye seli za ini. Seli zinaumia na kuvuja. ALT na AST zinaruka hadi mamia, na kuna wagonjwa wa jiwe peke yake ambao wanafika zaidi ya 1,000. ALP wakati huo bado haijaanza kutengenezwa. Kwa siku moja hivi, mrija ulioziba unatoa majibu yanayofanana kabisa na ya homa ya ini. Huu ndio mtego, na unawanasa hasa wagonjwa wanaowahi hospitali. Angekaa nyumbani siku tano kwanza, majibu yake ya kwanza yangetaja mrija wenyewe.

Je, siku ile ya kwanza kulikuwa na lolote la kutia shaka? Lilikuwepo, na lilikuwa kinywani mwa mgonjwa. Nilipofika wodini mchana nilimwuliza, "Mama, kabla ya usiku wa jana ulikuwa unajisikiaje?"

"Mzima, daktari. Asubuhi nimeuza, jioni nimeoga nikaenda harusini."

"Na maumivu yenyewe yakoje?"

"Yanakaza, hayaachii. Hapa chini ya mbavu, halafu yanapenya mpaka mgongoni, kwenye bega la kulia. Yamenishika saa tatu nzima ndiyo yakapoa kidogo."

Homa ya ini kwa kawaida haiji hivi. Mgonjwa wake anaanza na siku au wiki za uchovu, hamu ya chakula inakata, harufu ya kupika inamchefua, homa ndogo ndogo zinamsumbua, na unjano unakuja mwishoni mwa yote hayo. Upande wa kulia unakuwa mzito, unauma ukibonyezwa, ila si maumivu ya kumfanya mtu ajikunje kuanzia saa fulani anayoweza kuitaja. Mtu aliyekuwa mzima jioni, akashikwa saa nne usiku baada ya mlo wenye mafuta, na asubuhi ALT yake ni 610, huyo lazima utafute jiwe hata kama HBsAg ni chanya.

HBsAg chanya kwetu inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Inasema virusi vimo mwilini. Haisemi kwamba virusi ndivyo vilivyoleta tatizo la leo. Katika nchi yetu watu wengi wanaishi na virusi hivi tangu utotoni, ini lao likiwa tulivu kwa miaka. Watu hao nao wanapata mawe ya nyongo, malaria, na kila maradhi wanayopata wengine. Kipimo cha kutenganisha maambukizi mapya na ya zamani kipo, ila hapa hatukuwa nacho siku hiyo. Tulichokuwa nacho ni muda, na uwezo wa kurudia kipimo.

Tulikubaliana na daktari wa zamu kwamba mama abaki wodini. Ultrasaundi ilipigwa alasiri. Ini lilionekana la kawaida, kibofu cha nyongo kilikuwa na vijiwe vidogo vingi, mrija mkuu wa nyongo upana milimita 6. Sehemu ya chini ya mrija, ile inayopita karibu na kongosho, haikuonekana kwa sababu ya hewa kwenye utumbo. Mtaalamu wa picha aliandika kwa uaminifu kile alichokiona: mrija haujatanuka.

Jibu hilo lilitaka kuturudisha kwenye homa ya ini. Hapa nasisitiza mambo mawili ambayo nayaona yakisahaulika mara kwa mara. Mrija hautanuki saa ileile unapoziba. Nao unahitaji muda, wakati mwingine siku kadhaa. Halafu ultrasaundi ni hodari wa kuona mawe ndani ya kibofu, lakini jiwe lililoshuka mpaka mwisho wa mrija mara nyingi hulikosa, kwa sababu ya hewa hiyo hiyo ya utumbo. Mrija wa milimita 6 saa 18 baada ya maumivu kuanza hauondoi jiwe. Vijiwe vidogo ndani ya kibofu, kwa upande mwingine, vinaongeza shaka, kwa kuwa vidogo ndivyo vinavyopenya na kushuka.

Damu ya pili ilitolewa saa 56 baada ya ile ya kwanza, na ya tatu siku ya sita. Nimeziweka pamoja:

| | Siku ya 1 | Siku ya 3 | Siku ya 6 |
|---|---|---|---|
| ALT | 610 | 270 | 112 |
| AST | 740 | 118 | 61 |
| ALP | 138 | 312 | 468 |
| T-BIL | 48 | 104 | 146 |
| D-BIL | 33 | 82 | 119 |
| R | 13 | 2.6 | 0.7 |

Itazame safu ya siku ya tatu bila haraka. ALT ikiingia kwenye damu na mlango ukafungwa nyuma yake, hupungua nusu kwa takribani siku mbili. AST inaondoka upesi zaidi, nusu yake ndani ya chini ya siku moja. Siku ya kwanza AST ilikuwa juu ya ALT; siku ya tatu imeshuka chini yake kwa mbali. Kutoka 610 hadi 270 kwa saa 56 ni karibu sawasawa na mwendo wa ALT inayoondoka yenyewe bila nyingine kuongezwa. Maana yake seli zilipigwa pigo moja usiku ule, kisha zikaacha kuvuja. Homa ya ini B iliyoamka haiendi hivyo. Kinga ya mwili inaendelea kushambulia seli zenye virusi siku baada ya siku, na ALT hukaa juu kwa wiki kadhaa, mara nyingi ikiendelea kupanda kabla ya kushuka.

Hata hivyo kushuka kwa haraka peke yake si ushahidi wa jiwe. Ini lililokosa damu kwa sababu presha ilianguka, kwa mfano kwa mgonjwa aliyetoka damu nyingi, nalo hutoa ALT inayopanda ghafla na kushuka vivyo hivyo. Kinachotenga ni jozi. ALT inashuka huku ALP imepanda zaidi ya maradufu na bilirubini nayo imepanda maradufu. Seli zimetulia, lakini nyongo haipiti. GGT tuliiongeza siku ya tatu ikawa 520, na kazi yake hapa ilikuwa moja tu: kuthibitisha kwamba ALP hiyo inatoka kwenye ini. ALP hutoka pia kwenye mifupa inayokua au inayopona, na kwa mjamzito hutoka kwenye kondo la nyuma, ndiyo maana mama mwenye mimba ya miezi minane akikutwa na ALP iliyopanda kidogo peke yake hana sababu ya kutishwa. GGT haitoki mifupani wala kwenye kondo. Ila pombe na dawa kadhaa, zikiwemo za kifafa, huipandisha bila mrija kuziba, kwa hiyo GGT ikiwa peke yake simwambii mgonjwa neno.

D-BIL nayo niiseme, kwa kuwa nimesikia mara nyingi wodini, "D-BIL ndiyo iliyo juu, kwa hiyo mrija umeziba." Sivyo. Bilirubini inayotokana na chembe nyekundu za damu zilizovunjika inaingia kwenye seli ya ini, inasindikwa, kisha inasukumwa kwenda kwenye nyongo. Hatua inayochoka kwanza ini likiugua ni hiyo ya mwisho, ya kusukuma. Kwa hiyo mgonjwa wa homa ya ini isiyo na mawe hata chembe naye atakuwa na D-BIL ya juu, kwa sababu seli inasindika lakini haisukumi, na iliyosindikwa inarudi kwenye damu. D-BIL ya juu inatuambia unjano huu hautokani na damu kuvunjika tu, kama inavyotokea kwa mgonjwa wa selimundu au wa malaria kali. Baada ya hapo haitusaidii kuchagua kati ya seli na mrija.

Jioni ya siku ya tatu, basi, tulikuwa na sababu ya kutosha kuandika "nyongo imekwama" badala ya "homa ya ini". Naandika "nyongo imekwama" kwa makusudi. Damu haiwezi kusema kwamba kuna kitu kimeziba mrija. Inasema tu nyongo haipiti, na nyongo inaweza kukosa kupita kwa sababu seli zenyewe zimeacha kuisukuma wakati mirija iko wazi. Dawa zinafanya hivyo; mchanganyiko wa amoksisilini na klavulaneti unajulikana sana kwa tabia hii, na mitishamba nayo inaweza. Chupa ya dada ilikuwa bado mshukiwa. Kuziba kunathibitishwa na picha, na picha yetu ya kwanza ilikuwa imepigwa mapema mno. Tukaomba nyingine.

Kabla ya kupigwa, siku ya tano usiku, mama alianza kutetemeka. Muuguzi alimkuta na joto 38.9, mapigo 118, presha 98 kwa 60. Homa, baridi ya kutetemeka, maumivu ya kulia na unjano vikikutana, chukulia kwamba nyongo iliyokwama imeingiwa na bakteria mpaka ithibitike vinginevyo, na hiyo ni dharura ya saa, si ya siku. Damu ya kuotesha vijidudu ilichukuliwa kwanza, kisha akaanzishiwa maji ya mishipa, seftriaksoni gramu 2 na metronidazoli miligramu 500. Nafikiria ingekuwaje kama angekuwa nyumbani akisubiri wiki mbili zitimie, akinywa juisi ya miwa kama wengi wanavyoshauriwa mitaani wakiwa na unjano.

Asubuhi ya siku ya sita ndipo ulipokuja utata wa pili, ambao kwangu una uzito kuliko ule wa kwanza. INR, kipimo cha muda ambao damu inachukua kuganda, ilikuwa 1.6. Sasa usome mstari mzima kwa jicho la mtu asiyejua yaliyotangulia: ALT imeshuka kutoka 610 hadi 112, bilirubini imepanda kutoka 48 hadi 146, damu imeanza kuchelewa kuganda, mgonjwa ana virusi vya homa ya ini B. Huo unaweza kuwa mchoro wa ini linalokufa. Seli zikiisha, hakuna tena ALT ya kuvuja, na kushuka kwake kunakuwa habari mbaya badala ya njema. Ini lililoharibika halitengenezi protini za kugandisha damu, ndipo INR inapanda. Albumini haikuweza kutusaidia, maana iliyomo kwenye damu hupungua nusu kwa karibu wiki tatu, na ini linaweza kufa kwa siku sita albumini ikiwa bado nzuri. Yake ilikuwa 36.

Kuna njia nyingine ya INR kupanda. Baadhi ya protini za kugandisha damu zinahitaji vitamini K ili zikamilike. Vitamini K ni ya jamii ya mafuta, na bila nyongo kufika kwenye utumbo hainyonywi. Mama huyu alikuwa na siku sita nyongo haifiki utumbo, na chakula alikuwa hakigusi. Ini lake linaweza kuwa zima, limekosa malighafi tu. Jaribio la kutenganisha hali hizi mbili ni la bei nafuu na lipo karibu kila hospitali ya wilaya: vitamini K miligramu 10 kwenye mshipa, polepole, kisha pima INR tena kesho yake. Ni lazima iwe kwa sindano, kwa sababu kidonge kitapita kwenye utumbo uleule usio na nyongo. INR ikirudi, ini lilikuwa na uwezo. Isiporudi, seli ndizo zenye tatizo, na mipango yote inabadilika.

Wakati tunasubiri, tuliangalia vitu vinavyokwenda sambamba na ini kufeli. Sukari ilikuwa 5.4. Alijua siku, alijua jina la muuguzi, alimuuliza dada yake kama barafu ya samaki imelipiwa. Mikono aliyoinyoosha mbele haikupigapiga. Kipimo cha mkojo cha kijiti kilionyesha bilirubini tele na urobilinojeni hakuna. Urobilinojeni hutengenezwa utumboni na bakteria kutokana na bilirubini iliyofika huko. Ikikosekana kabisa kwa mtu mwenye unjano wa namna hii, inaashiria kwamba bilirubini haifiki utumboni. Ila dawa za kuua bakteria nazo huipunguza, na seftriaksoni ilikuwa imeanza usiku, kwa hiyo sikukiegemea sana kijiti hicho. Choo kilinishawishi zaidi: dada yake alisema tangu juzi kimepauka kabisa.

INR ya siku ya saba ilikuwa 1.1.

Ultrasaundi ya pili, iliyopigwa siku ya sita alasiri, ilionyesha mrija mkuu wa milimita 12 na mirija ya ndani ya ini imetanuka. Jiwe lenyewe halikuonekana hata safari hii, lakini sasa haikuwa lazima lionekane. Presha ilikuwa imepanda, joto limeanza kushuka. Alipelekwa Dar es Salaam, kilomita zipatazo 350, kwa ajili ya ERCP, yaani kamera inayopitishwa mdomoni mpaka kwenye tundu ambalo nyongo inaingilia utumboni. INR iliyorudi ilikuwa na maana huko pia, kwa sababu tundu hilo hukatwa kidogo kulipanua, na mtu ambaye damu yake haigandi anaweza kutoka damu papo hapo. Walitoa jiwe la milimita 8 na usaha. Kibofu cha nyongo kilitolewa kwa upasuaji baadaye, katika safari hiyo hiyo ya matibabu, ili vijiwe vilivyobaki visije vikashuka tena.

Je, kama lingekuwa jambo jingine? Nimwelezee mgonjwa mmoja wa kufikirika ili tofauti ionekane. Mzee wa miaka 66, unjano umeingia polepole kwa wiki nne, hana maumivu, anajikuna usiku kucha, amekonda, na chini ya mbavu za kulia unapapasa uvimbe laini usiouma, nao ni kibofu cha nyongo kilichojaa. Damu yake ya kwanza kabisa itakuwa na ALP ya 700 na ALT ya 90. Haina mruko wa ALT, kwa sababu tatizo lake ni uvimbe mwingine, wa kichwa cha kongosho, unaobana mrija kwa wiki na seli zinapata muda wa kuzoea shinikizo. Kwake R inasema kweli tangu siku ya kwanza. Kwa jiwe linalokwama usiku mmoja, R ya siku ya kwanza inasema kinyume. Tofauti ya wagonjwa hawa wawili ni kasi ya kuziba, ndiyo maana saa ya maumivu kuanza naitaka iandikwe juu ya fomu ya maabara kando ya saa ya kutoa damu.

Kuhusu sampuli yenyewe: AST imo pia ndani ya chembe nyekundu za damu, hivyo damu iliyotikisika njiani na chembe kupasuka itatoa AST ya juu kwa uongo. Bomba la siku ya kwanza tulilitazama, maji yake yalikuwa ya njano, si mekundu. Kama yangekuwa mekundu ningeomba damu nyingine kabla ya kuifanyia hesabu yoyote.

Mama alirudi kliniki wiki mbili baada ya jiwe kutolewa. Anakula, hana maumivu, mkojo mweupe, choo kimerudi rangi yake. Lakini dada yake alikuwa na wasiwasi. "Daktari, macho bado ya njano. Ile homa ya ini si imebaki?" Majibu yalionekana kumuunga mkono: T-BIL 52, D-BIL 38, ingawa ALT ilikuwa 34. Bilirubini iliyosindikwa ikikaa kwenye damu kwa siku nyingi, sehemu yake hujifunga moja kwa moja kwenye albumini. Ikishajifunga hivyo haichujwi na figo, kwa hiyo mkojo unakuwa mweupe mapema, na inaondoka kwa mwendo wa albumini yenyewe, yaani kwa wiki. Mashine inaisoma kama D-BIL. Mkojo mweupe na macho ya njano kwa mtu anayeendelea vizuri ni dalili kwamba mrija uko wazi. ALP nayo ilikuwa 190, inashuka taratibu kama ilivyopanda. Nilimweleza dada hayo yote, tukapanga damu nyingine baada ya wiki tatu badala ya kumtia mama ultrasaundi ya tatu. Wiki tatu baadaye T-BIL ilikuwa 19 na ALP 117.

Virusi vya homa ya ini B vilibaki, kama vilivyokuwepo kabla ya harusi ile. Sasa ALT yake ni 29 bila jiwe la kuivuruga, na hiyo ndiyo tarakimu ya kuanzia. Amepimiwa wingi wa virusi, jibu linasubiriwa, na atapimwa ALT kila baada ya miezi sita. Mume na watoto wameitwa. Wawili wakubwa walizaliwa kabla ya chanjo hii kuingia kwenye ratiba ya watoto wachanga Tanzania mwaka 2002. Mmoja amekutwa hana virusi na ameanza dozi ya kwanza kati ya tatu, mwingine yuko baharini, atapimwa akirudi.